Mbozi ya mwaka 2014 ni ya mkoa gani? Kusawazisha mti wa vitengo kati ya mifumo miwili

Januari 2016 Mkoa wa Songwe ulizaliwa kwa kumegwa Mkoa wa Mbeya. Wilaya za Mbozi, Momba na Ileje zikahamia mkoa mpya, pamoja na Wilaya ya Songwe, ambayo yenyewe ilitokana na Chunya. Chunya ikabaki Mbeya. Kwenye ramani ni mstari mmoja umechorwa. Kwenye mifumo ya takwimu, kila wilaya ni kitengo kwenye mti, ina mzazi (mkoa) na watoto (kata, zahanati, vituo vya afya), na mabadiliko kama haya ndiyo yanayoonyesha kama usawazishaji ulijengwa vizuri au ulikuwa unafanya kazi kwa bahati tu.

Sisimulii jinsi kazi hiyo ilivyofanyika serikalini. Nauchukua mgawanyo huo kama mfano, kwa sababu una kila aina ya mtego. Tuchukulie kuna rejista ya vituo ndiyo chanzo, na DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu za afya, ndiyo inayopokea.

Mtego wa kwanza ni jina. Sasa kuna Songwe mbili, mkoa na wilaya iliyo ndani yake. Programu inayotafuta mzazi kwa jina inaweza kuitundika Mbozi chini ya Wilaya ya Songwe, na hakuna kitakacholalamika, kwa kuwa kwa kompyuta mzazi kapatikana. Utaligundua kosa pale zahanati zitakapoonekana zimeshuka ngazi moja na ripoti ya wilaya ikakosa Mbozi. Kwa hiyo mzazi atajwe kwa kitambulisho kisichobadilika. Msimbo wenye mkoa ndani yake, mfano `MBY-03-112`, nao haufai. Siku kituo kinapohama, ama msimbo unasema uongo, ama unaubadilisha na mfumo wa pili unadhani kituo cha zamani kimefutwa na kingine kimezaliwa.

Sasa swali linalogawa mafundi: je, chanzo kitume mti mzima kila mara, au kitume mabadiliko tu?

Wanaopenda mti mzima wana hoja nzito. Mpokeaji analinganisha alichonacho na alicholetewa, anarekebisha tofauti, basi. Jana ujumbe ulipotea? Leo utafidiwa. Mtu aliingia DHIS2 akasogeza kituo kwa mkono? Usiku kitarudi mahali pake. Mti wa vitengo maelfu kadhaa si mzigo kwa mtandao wa leo, na wanaosema ni mkubwa mno mara nyingi hawajaupima.

Udhaifu wake ni ukimya. Mti mzima hausemi “kituo hiki kimefungwa”, unakiacha tu. Mpokeaji aliyefundishwa kwamba kisichoonekana kifutwe atafuta hata kile ambacho hakikufika kwa hitilafu. API ya DHIS2, kwa mfano, hurudisha vitengo 50 kwa ukurasa usipoiambia vinginevyo. Anayesoma kutoka huko akisahau `paging=false`, mti wake una majani 50, na kwa hesabu yake mengine yote yamekauka. Kinga ni mbili, na nazitaka zote: chanzo kitume idadi ya vitengo pamoja na mti, usipolingana ukataliwe, na kufunga kituo kutamkwe waziwazi kwa tarehe (`closedDate`), kamwe kusidhaniwe kutokana na kukosekana.

Wanaotuma mabadiliko tu wanajibu kwamba njia yao hubeba nia. “Mbozi imehama kutoka Mbeya kwenda Songwe” ni habari tofauti na “Mbozi iko Songwe”. Ni kweli. Lakini mabadiliko yana mpangilio: mkoa uumbwe kwanza, kisha wilaya mpya, kisha wilaya za zamani zihame, kisha vituo vilivyotoka Chunya. Ujumbe wa tatu ukitangulia wa kwanza, Mbozi ni yatima. Na ujumbe mmoja ukipotea, tofauti hukaa miezi bila mtu kujua.

Kuna hatari nyingine ambayo ngazi za mkoa na wilaya hutukinga nayo, ila mti wa akaunti za hesabu hautukingi: mduara. Mhasibu wa tawi anaihamisha “Magari” chini ya “Usafiri”. Wakati huohuo mhasibu wa makao makuu anaiweka “Usafiri” chini ya “Magari”. Kila mmoja kwake yuko sahihi. Zikikutana, akaunti hizo mbili zinazunguka peke yao, zimekatika kutoka kwenye mzizi, na jumla ya matumizi inapungua bila maelezo. Kabla ya kuhamisha, panda kutoka kwa mzazi mpya hadi juu. Ukikutana na anayehamishwa, kataa:

```sql
WITH RECURSIVE juu AS (
  SELECT id, parent_id FROM units WHERE id = :mzazi_mpya
  UNION
  SELECT u.id, u.parent_id
  FROM units u JOIN juu j ON u.id = j.parent_id
)
SELECT 1 FROM juu WHERE id = :anayehamishwa;
```

Ni `UNION`, si `UNION ALL`, ili swali lisikwame milele kama mduara tayari upo. Lakini ukaguzi huu hautoshi kama kila upande unaukagua peke yake. Lazima mfumo mmoja uwe ndio wenye ruhusa ya kuhamisha, na wa pili uombe.

Mpangilio wa ndugu, yaani nani atangulie kwenye ripoti, usiuchanganye na mzazi. Ukiwapa nafasi 1, 2, 3, kumwingiza mmoja katikati kunawabadilisha wote waliofuata, na kila mmoja anaonekana kama badiliko la kutumwa. Wape 100, 200, 300. Wa katikati achukue 150.

Turudi Mbozi, maana hapa ndipo pagumu kweli. DHIS2 huhifadhi mzazi wa sasa tu. Takwimu zimefungwa kwenye kituo, hivyo zinahama nacho pamoja na historia yake. Tuseme Mbeya ya zamani ilichanja watoto 60,000 mwaka 2014, na 25,000 kati yao walikuwa kwenye wilaya zilizohama. Baada ya kuhamisha, ripoti ya 2014 itasema Mbeya 35,000, Songwe 25,000, ingawa mwaka huo Songwe haikuwepo. Ripoti iliyochapishwa inabaki na 60,000.

Mpangaji wa chanjo atafurahi: anataka kulinganisha eneo lilelile miaka yote. Mkaguzi hatafurahi. Wengine humridhisha kwa kufunga vituo vya zamani na kufungua vipya, na hapo mfululizo wa kila zahanati unakatika vipande viwili. Mimi naona dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Bora uhamishe, na kwenye rejista uhusiano wenyewe uwe na safu yake: mtoto, mzazi, tangu, hadi. Mkaguzi akija na 2014 yake, unajumlisha kwa uhusiano wa wakati ule.

Kwa hiyo kwa vitengo vya utawala natuma mti mzima kila usiku, kutoka chanzo kimoja, na mabadiliko ya mzazi yakiwa na tarehe. Ukishahamisha, usishangae mti ukionyesha Songwe huku majedwali yakisoma Mbeya: DHIS2 hukokotoa ripoti kutoka majedwali ya uchambuzi, na hayajui kilichotokea hadi yajengwe upya. Angalia pia watumiaji. Ofisa aliyepewa Mkoa wa Mbeya hataiona tena Mbozi kuanzia dakika hiyo, na simu yake itakufikia kabla ya majedwali kumaliza kujengwa.