Harufu ya paka iko chini ya beseni

Jirani yangu wa Roysambu alibisha hodi akaniuliza, kwa upole, kama kuna panya amenifia ndani. Naishi bedsita. Kutoka kitandani hadi beseni la paka ni hatua nne, na mimi pua ilikuwa imeshazoea.

Wakati huo nilikuwa nanunua mchanga wa paka wenye manukato ya lavenda. Kwa kuwa ni ghali, nilimwaga kidogo tu, kina cha sentimita mbili hivi. Leo nasema wazi kwamba manukato yale ni hela ya kutupa, na ubahili wangu ndio ulionuka.

Mkojo wa paka ukiwa mbichi haunuki sana. Ukali huja bakteria wanapovunja urea ikawa amonia, kwa hiyo kazi ni kuuondoa kabla hawajamaliza shughuli yao. Udongo wa bentonaiti unaoganda hukurahisishia: mkojo unakuwa donge, unalichota kwa kijiko chenye matundu. Lakini mchanga ukiwa haba, mkojo hupenya hadi kwenye plastiki na kushika kama ukoko wa ugali. Ukikwangua, donge linavunjika, na vipande vyenye mkojo vinachanganyika na mchanga safi. Hicho ndicho alichokinusa jirani.

Sasa naweka kina cha sentimita sita. Kwa beseni langu la sentimita 40 kwa 30, ni kama kilo saba. Nachota asubuhi kabla ya kukimbilia matatu, na usiku kabla ya kulala, kisha najazia palipopungua. Donge la dakika hiyo hiyo silichoti, maana bado ni laini na litavunjika. Madonge nafunga kwenye mfuko wa taka. Ukiyatupa chooni yatavimba na kuziba bomba, na hapo utaonana na keateka.

Takriban kila mwezi namwaga mchanga wote. Dalili yangu ni rahisi: nikishachota na bado kunanuka, umekwisha. Naosha beseni kwa maji moto na sabuni isiyo na harufu, nalikausha kabisa. Jiki hapana. Ikikutana na amonia hutoa mvuke wa sumu, na chumba changu kina dirisha moja. Beseni lenyewe likishajaa mikwaruzo ya kucha nalibadilisha, kwa sababu harufu hujificha humo.

Kuna wanaosifia vumbi la mbao la fundi seremala. Ni la bure, kweli, ila hunyonya bila kuganda, basi utalazimika kulimwaga lote kila siku au mbili.

Na kama paka wako ni dume asiyehasiwa anayerushia kuta mkojo, mchanga wowote hautakusaidia. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Nusu mfuko wa lavenda bado uko chini ya kitanda. Paka mwenyewe alikuwa ameanza kuukwepa, akakojoa kwenye zulia la mlangoni.