Mstari wa 17: jina la kukisia au "haisomeki"?

"Nachapa mahudhurio ya mkutano wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo wetu. Saini kadhaa hazisomeki kabisa. Niandike jina la yule ninayedhani ndiye, au niandike haisomeki?"

Makatibu wengi ninaowafahamu kando ya ziwa hapa Mwanza wangejibu upesi: andika jina. Wana sababu. Mvuvi aliyeacha kutengeneza nyavu zake akaja kukaa kikaoni ana haki ya kuonekana kwenye orodha, na katibu aliyekaa naye miaka mingi huijua saini yake hata ikiwa ni mkwaruzo tu. Orodha yenye mapengo pia huleta maswali akidi inapohesabiwa. Kwa hiyo anayeandika "haisomeki" huonekana mvivu, au mgeni asiyejua watu wa mwalo.

Naona mtu huyo anaonewa. Tuseme karatasi ina mistari 41 iliyosainiwa, majina 33 yanasomeka na saini 8 hazisomeki. Mstari wa 17 una herufi inayofanana na K, mkia mrefu, kisha "Masa". Kwenye daftari la wanachama wamo Kulwa Masanja na Kabula Masanja. Kulwa hakosi vikao, basi mkono unataka kuandika Kulwa. Lakini mazoea ya Kulwa hayamo kwenye karatasi. Kama aliyesaini ni Kabula, kosa limekuwa mara mbili: aliyekuwepo amefutwa, na asiyekuwepo amehesabiwa miongoni mwa walioridhia azimio, pengine la mchango au la adhabu. Siku Kulwa atakapokana, mjumbe yeyote atauliza mengine 40 yalipatikanaje.

Wapo wanaotafuta njia ya kati: andika "Kulwa Masanja?" na alama ya kuuliza. Hapa ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Orodha ya mahudhurio hainakiliwi mara moja. Hutoka kwenye karatasi ikaingia kwenye kompyuta, ikaenda kwenye muhtasari, ikaenda kwenye taarifa ya robo mwaka, kisha kwenye orodha ya posho. Kila anayenakili husafisha kidogo, na alama ya kuuliza ndiyo ya kwanza kusafishwa. Kufikia nakala ya tatu, dhana imekuwa jina kamili, na hakuna anayekumbuka kwamba ilianza kama dhana. Ukiiweka alama hiyo kwenye safu ya pembeni ni vilevile, kwa sababu mwenzako atanakili safu ya majina peke yake.

Ndiyo maana napendelea alama ikae ndani ya kisanduku cha jina chenyewe, pamoja na namba ya mstari:

```
16 | Magesa Bujiku
17 | [haisomeki, mst. 17: K... Masa...]
18 | [haisomeki, mst. 18]
```

Namba ile si pambo. Ukiandika "haisomeki" tupu mara 8, kisha mtu akachagua safu ya majina kwenye Excel na kubonyeza `Remove Duplicates`, programu itayaona maneno hayo kuwa marudio na kubakiza moja. Waliohudhuria 41 wanakuwa 34, na akidi inaweza kuanguka ingawa watu walikuwepo. Kwa namba, kila saini inabaki mtu mmoja. Hivyo hoja ya akidi, iliyo nzito kuliko zote upande wa pili, inapata jibu: kinachokosekana ni jina, idadi ipo palepale.

Alama ya dole gumba isiingizwe kwenye kundi hili. Kwa kawaida jina limeandikwa kando yake, kwa hiyo chapa jina na uongeze "[dole gumba]". Mstari uliokatwa nao uandikwe kuwa umekatwa, usirukwe, la sivyo namba zako na za karatasi zitaachana.

Ujuzi wa katibu mwenyeji una nafasi yake, ila uje baadaye na uonekane kuwa ni wake. Mpelekee karatasi yenyewe watu wangali wanakikumbuka kikao, umwonyeshe mstari, umwulize, "Hii saini ni ya nani?" Usimwulize, "Hii si ya Kulwa?", maana swali la namna hiyo limeshambebea jibu. Kama safu ya simu imejazwa, piga namba hiyo umwulize mwenyewe. Likithibitika, andika: "[haisomeki, mst. 17, katibu amemtambua kuwa Kabula Masanja]", na tarehe. Jina limepatikana, na msomaji anajua limetoka kinywani mwa katibu wala si kwenye wino.

Kuna saini ambazo hata katibu atazishindwa. Hizo zibaki na namba zake, na karatasi yenyewe ihifadhiwe kwenye faili pamoja na muhtasari, kwa sababu mwenye saini anaweza kuja mwenyewe akaitambua.