Tiki hazimpimi mwanagenzi

Kijana wa mafunzo kwa vitendo aliingia gerejini kwetu mwezi uliopita akiwa na fomu ya tathmini ya gereji alikotoka, ambayo safu nzima ya "Vizuri sana" ilitiwa tiki kwa kalamu moja na, nadhani, kwa pumzi moja. Stadi, usalama, kupokea maelekezo: vizuri sana. Nilifurahi kuletewa malaika.

Malaika nilimpa kazi ya kubadilisha pedi za breki za mbele za Toyota moja ndogo. Alilegeza nati za tairi kabla ya kuliinua gari, jambo ambalo wengi hulisahau, na kalipa, kile chuma kinachobana pedi, aliifungua kwa mkono uliozoea. Kisha akaiacha ining'inie kwenye mpira wake wa breki, akaingiza kichwa na bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nilimtoa pale kwa sauti iliyowafikia majirani wauza matairi. Jeki ya haidroliki ni ya kuinulia. Sili yake ikivuja gari hushuka, na stendi za kulishikilia zilikuwa hatua tatu kutoka alipolala. Kuhusu mpira, nilimweleza kwamba uzito wa kalipa unaweza kuuharibu kwa ndani huku nje ukionekana mzima, halafu mteja akikanyaga breki gari linavuta upande mmoja. Nikamwonyesha namna ya kuifunga kalipa kwa waya kwenye springi.

"Sawa, fundi," alijibu haraka.

"Sawa" hiyo ndiyo fomu inayoiita kupokea maelekezo, nami siikubali, kwa sababu kijana anayeitikia upesi mara nyingi anataka tu kelele ziishe. Kipimo ni gari linalofuata, fundi akiwa mbali.

Siku ya nne alipewa breki za nyuma za gari jingine, nami nikajifanya nahesabu vipuri. Kabla ya kuigusa kalipa alikuja na kipande cha waya mkononi kuniuliza aifunge wapi, maana springi ya gari lile ilikuwa mbali na kalipa. Aliyekariri tu haulizi swali hilo. Nilipoinama kutazama stendi, hata hivyo, niliikuta imesimama chini ya gari bila kuligusa, uwazi wa vidole viwili ukibaki katikati, na uzito wote ukiwa bado juu ya jeki. La mpira alikuwa amelielewa. La stendi alikuwa ameitii sauti yangu tu. Je, hapo niweke tiki ipi?

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba msimamizi wa chuo mwenye vijana wengi hawezi kusoma insha ya kila gereji. Basi atuachie mistari mitatu: kosa gani, aliambiwa nini, alifanya nini safari iliyofuata. Nimeyaandika hayo nyuma ya fomu, na jana chuo kimenipigia simu kuuliza kwa nini visanduku viko wazi.