Dipoziti ya meza wikendi: tudai kila mtu au wa meza kubwa tu?

"Jumamosi buku linajaa kuanzia Jumatano, wengine tunawakataa kwenye simu, halafu saa mbili usiku meza tatu nne ziko tupu na waliobuku hawapokei simu. Tuanze kudai dipoziti kwa kila mtu au tutafukuza wateja?"

Mkuu, mimi niko upande wa dipoziti ila sio kwa kila mtu, na sababu ni kwamba meza tupu hazifanani. Tuseme una viti 50. Wawili wamebuku saa mbili hawajatokea, unasubiri robo saa, unaiachia meza, mtu aliyeingia bila kubuku anakaa, imeisha hiyo. Hasara yako ni dakika kumi na tano za viti viwili. Sasa chukua kundi la watu 8. Ili uwaunganishie meza inabidi usimamishe kuzigawa mapema, maana ukimkalisha mtu saa moja kwenye meza mojawapo, saa mbili bado anakula. Kwahiyo zile meza zinakaa bure saa nzima kabla ya muda wao, halafu hawaji, unasubiri tena kwasababu kundi huwa linachelewa kweli, mpaka unakata tamaa ni saa mbili na nusu na wale waliokuja kuulizia nafasi saa moja na nusu ulishawaambia hakuna. Viti 8 kati ya 50 ni asilimia 16 ya ukumbi, vimelala saa moja na nusu katika muda ambao ndio unalisha wiki nzima. Hapo dipoziti ina kazi ya kufanya. Kwenye meza ya wawili haina kazi kubwa, na usumbufu wake kwa mteja ni uleule.

Na usumbufu upo, tusijidanganye. Mtu anayebuku kwa simu akiambiwa atume hela kwanza, wengine wanasema sawa nitakupigia baadae na hawapigi. Mteja wako wa miaka anajisikia humwamini. Halafu kuna kazi ya nyuma ambayo watu hawaihesabu, kufuatilia nani kalipa nani hajalipa, kurudisha hela, kuhakikisha imekatwa kwenye bili, na siku mhudumu akisahau kuikata mezani mbele ya wageni, hiyo aibu ni kubwa kuliko dipoziti yenyewe. Wanaopinga dipoziti wana hoja hapa na siwabezi.

Ila hoja yao nzito zaidi ni nyingine. Kuna utafiti wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini uliotoka mwaka 2000, ulifanyika kwenye vituo vya kulelea watoto mjini Haifa huko Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto, vituo vikaweka faini ndogo, uchelewaji ukaongezeka badala ya kupungua, na faini ilipoondolewa haukurudi chini. Mwanzo mzazi aliona aibu kumchelewesha mwalimu, baada ya faini akaona ameshalipia huo muda. Meza haina tofauti sana. Ukiweka dipoziti ndogo mno mtu anahesabu kwamba kutokuja kwake kumeshalipiwa, hata simu ya kukuambia haji hapigi, na wewe simu ile ndio ulikuwa unaihitaji kuliko hela.

Hapo ndipo wengi wanakosea, wanaiona dipoziti kama fidia. Haiwezi kuwa fidia labda udai bei nzima ya mlo, kama mgahawa wa Next kule Chicago uliofunguliwa 2011 ukiuza tiketi ya mlo iliyolipiwa mapema. Wao menyu yao ilikuwa imepangwa na bei inajulikana kabla, wewe mwenye menyu ya kuchagua huwezi. Dipoziti yako inanunua taarifa ya mapema, basi. Kwahiyo cha kukifikiria sana ni saa ya mwisho ya kughairi na kurudishiwa hela yote. Angalia kwenye simu zako watu wanaotafuta meza ya Jumamosi wanapiga lini. Kama wengi wanapiga Ijumaa jioni, mwisho wa kughairi uwe Ijumaa mchana, ili meza ikirudi bado kuna mtu wa kumpa. Ukiweka siku tatu kabla unambana mteja bila faida, ukiweka masaa mawili kabla umejidanganya tu. Na kwa kiasi, mimi naona kati ya robo na theluthi ya anachotumia mtu mmoja kwa kawaida, kwa kila kiti, kwa makundi ya 6 kwenda juu, Ijumaa na Jumamosi usiku tu. Akighairi ndani ya muda mrudishie siku hiyohiyo, ukichelewa kurudisha wenzake wote watajua.

Hao wa meza ndogo je? Wao tumia mdomo kwanza. Kulikuwa na mwenye mgahawa Chicago, Gordon Sinclair, wahudumu wake walikuwa wanasema tafadhali tupigie ukibadili mpango, akawaambia waigeuze iwe swali, utatupigia ukibadili mpango? halafu wanyamaze wasubiri mtu aseme ndio. Wasiotokea wakashuka toka kama asilimia 30 mpaka 10. Akishasema ndio kwa mdomo wake inamfunga. Ongeza meseji ya siku moja kabla yenye njia rahisi ya kughairi, ajibu neno moja tu, maana wengi hawaghairi kwasababu wanaona soni kukupigia.

Wengine watakushauri uachane na haya yote, pokea tu buking za ziada kama mashirika ya ndege. Fanya hesabu kwanza. Una meza 14, umepokea buking 15, na kawaida mmoja kati ya kumi hatokei. Kwa wastani inaonekana una usalama, lakini uwezekano wa wote 15 kutokea ni 0.9 ijizidishe mara 15, ambayo ni kama asilimia 21. Yaani karibu Jumamosi moja kati ya tano kuna mtu kabuku, kavaa, kafika, hana meza. Ndege ina viti mia na kitu, inaweza kukisia kwa uhakika kiasi, meza 14 ni chache mno kukisia. Bora orodha ya wanaosubiri, chukua namba zao unapowakataa kwenye simu, na meza ikiachiwa waite kuanzia aliye karibu.

Kabla hujaanza chochote andika wikendi nne, kwa kila buking, ukubwa wa kundi, alibuku siku ngapi kabla, na mwisho wake: alikuja, alighairi mapema, alipotea. Ukikuta waliopotea wengi ni wawili wawili na meza zao zilijazwa, dipoziti sio dawa yako, hapo kinachokusumbua ni muda unaosubiri kabla ya kuachia meza.

Na kuna jambo la kuamua mapema, kundi la 8 likija watu 5. Usile dipoziti ya wale watatu, kata yote kwenye bili yao. Hao watano wamekuja, wanakula, na wakianza kubishana na wewe kuhusu viti vitatu usiku wao umeharibika kabla hawajaagiza. Ila waambie wakati wa kubuku kwamba idadi ikipungua wakujulishe kabla ya saa ileile ya kughairi, maana 5 unaweza kuwaweka meza nyingine na ile kubwa ukaigawa upya.