Picha Moja ya Darasa la Kwanza

"Nina picha moja tu ya kaka yangu, ya alipoanza darasa la kwanza. Hatujui aliko. Mwaka huu angetimiza miaka 34. Nikiiweka kwenye programu ya kuzeesha sura, itakayotoka ni sura yake? Na tunaweza kuisambaza?"

Dada yangu, ndani ya programu hizo kuna modeli, yaani mfumo wa kompyuta uliojifunza kwa kupewa picha nyingi. Modeli zinazofanya kazi hii, kwa sehemu kubwa, hazijawahi kumwona mtu akikua. Nianzie hapo, maana ndipo jibu lako lilipo.

Ili modeli ijifunze kweli jinsi mtoto wa miaka 7 anavyofika 34, ingehitaji picha za maelfu ya watu, kila mmoja akiwa na picha zake za utotoni na za ukubwani, na umri unaojulikana kwa kila picha. Mkusanyiko wa namna hiyo ni adimu sana. Ule unaoitwa FG-NET, ambao watafiti wameutumia kwa miaka mingi, una picha 1,002 za watu 82 tu. MORPH ni mkubwa zaidi, una maelfu ya watu, lakini ni picha za watu waliokamatwa na polisi Marekani, watoto wadogo hawamo, na kati ya picha ya kwanza ya mtu na ya mwisho mara nyingi imepita miaka michache tu.

Kwa hiyo watengenezaji walipita njia nyingine. Nachukua mfano wa modeli ya kuzeesha sura iitwayo SAM, iliyotoka mwaka 2021, kwa sababu imeandikwa wazi na yeyote anaweza kuifuatilia. Imesimama juu ya modeli nyingine ya kuchora sura, StyleGAN2, iliyofundishwa kwa picha 70,000 za mkusanyiko wa nyuso uitwao FFHQ, zilizotoka Flickr, tovuti ambako watu huweka picha zao. Humo mna watoto, vijana na wazee, lakini ni watu tofauti. Modeli imejifunza watoto wakoje na watu wa makamo wakoje. Haikujifunza mtoto fulani alivyokuja kuwa mtu mzima fulani. Ukiipa picha ya kaka yako, inajibu swali lililo jirani na lako: mtu wa miaka 34 anayekaribiana na mtoto huyu, kwa kawaida anakuwaje?

Kwanza uso unakatwa kwenye picha na kunyooshwa, kisha unageuzwa kuwa mistari 18, kila mmoja ukiwa na namba 512. Kuanzia hapo kilichobaki cha kaka yako ni hizo namba, na sura mpya inachorwa kutoka kwenye namba, si kutoka kwenye picha. Kitu ambacho modeli haikukiona mara nyingi wakati wa kufundishwa hakina mahali pazuri pa kukaa ndani ya namba hizo, kwa hiyo kinafifia au kinapotea kabisa. Mimi nina studio ya picha, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kurekebisha picha za zamani. Mama mmoja aliniletea picha ya marehemu mumewe akiwa na miaka kama 60, akaomba amwone alivyokuwa kijana. Mzee alikuwa na chale tatu kila shavu, alizochanjwa utotoni. Modeli ilizichukua kama makunyanzi, ikazifuta zote. Ngozi ikatoka laini, nyusi sawa, macho sawa. Yule mama akaitazama muda mrefu, akairudisha mezani, akasema, "Huyu, mwanangu, simjui." Nilikaa jioni nzima nikizirudisha zile chale kwa mkono, mstari mmoja mmoja, nikifuata picha ya asili.

Wakati wa kufundishwa, modeli ya aina hii inasimamiwa na waamuzi wawili, ambao nao ni modeli. Wa kwanza anakadiria umri: akiona sura iliyochorwa haijafikia miaka iliyotakiwa, anairudisha. Wa pili analinganisha sura: akiona mtu amebadilika kupita kiasi, naye anairudisha. Waamuzi hawa wanavutana. Na huyu wa pili, ambaye ndiye mlinzi wa utambulisho wa kaka yako, amejifunza zaidi kwa nyuso za watu wazima, hasa watu maarufu. Ukimpa picha halisi ya mtoto na picha halisi ya mtoto yuleyule akiwa mtu mzima, mara nyingi atasema hawafanani sana. Akiachiwa nguvu zote, utapata uso wa mtoto uliopakwa ndevu: macho makubwa, paji pana, mashavu ya duara, na juu yake ngozi ya mtu mzima. Waliotengeneza SAM walilijua hilo, wakaweka utaratibu wa kumlegeza mwamuzi wa pili kadiri pengo la miaka linavyokua. Uamuzi huo ni sahihi, lakini una gharama. Pengo lako ni la miaka 27, na pengo kubwa linamaanisha uhuru mkubwa zaidi wa kubuni.

Hapa ndipo kuzeesha mtoto kunapotofautiana na kumrudisha mzee ujanani. Kati ya miaka 60 na 30 mifupa ya uso haitofautiani sana. Kinachobadilika zaidi ni ngozi, mafuta yaliyoshuka na nywele. Modeli ikiondoa mikunjo, mara nyingi inafika karibu. Lakini mtoto wa miaka 7 bado hajajengeka. Kichwa chake ni kikubwa juu na uso ni mdogo chini. Taya litarefuka, mfupa wa pua utainuka, meno ya utu uzima ndiyo kwanza yanaota. Baadaye homoni za balehe zitaamua upana wa taya na ukubwa wa kidevu. Hayo hayajaandikwa kwenye picha ya darasa la kwanza, hata ingekuwa safi namna gani.

Nilijijaribu mwenyewe. Nilichukua picha yangu ya darasa la kwanza, nimetabasamu, meno mawili ya mbele juu yameng'oka, nikaomba sura ya miaka 41, umri nilionao. Macho yalitoka yangu, na jinsi yalivyokaa kati ya nyusi na pua ni yangu. Masikio pia. Chini ya pua, mambo yakawa mengine. Taya lilikuwa jembamba kuliko langu. Nywele zilijaa hadi mbele, wakati zangu zilianza kurudi nyuma nikiwa na miaka 30. Na mdomoni modeli ilinipangia meno yaliyobanana vizuri, bila nafasi. Mimi nina mwanya, kama mama na mama zangu wadogo wote, na mtu yeyote aliyewahi kukutana nami anaukumbuka kwanza huo. Pengo la meno yaliyong'oka lilimaanisha kwamba modeli haikuwa na chochote cha kufuata, ikajaza meno ya wastani. Mke wangu alipoiona alisema ni binamu yangu.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya kabla hujaamini chochote. Iombe programu impe kaka yako umri uleule alionao kwenye picha, miaka 7. Sura inapaswa kurudi kama ilivyoingia. Popote ilipobadilika, iwe ngozi, umbo la pua au mstari wa midomo, hayo ni ya modeli, hayana uhusiano na kukua kwake. Na usihesabu kurudiarudia kama ushahidi. Programu nyingi zitakupa sura ileile ukiiomba mara kumi, kwa sababu hesabu ni ileile, si kwa sababu jibu ni la kweli.

Wanaotetea njia hii wana hoja nzito. Kituo cha Marekani cha watoto waliopotea, NCMEC, kimekuwa kikizeesha picha za watoto kwa miaka mingi kikitumia wachoraji: kila baada ya miaka miwili hadi mtoto afikishe 18, kisha kila baada ya miaka mitano. Wachoraji nao wanakisia. Tena picha mpya inaamsha kesi iliyolala, na aliyemjua jamaa akiwa mkubwa hatamtambua kwenye picha ya mtoto asiye na meno. Ila mchoraji wa NCMEC huomba kitu ambacho programu ya simu haikuombi: picha za wazazi na ndugu wakiwa na umri unaolengwa. Taya analochora lina ukoo.

Upande wa pili, mwaka 2012 watafiti walichapisha majaribio yao, na matokeo yanauma. Katika baadhi yake, picha zilizozeeshwa hazikuwasaidia watu kumtambua mlengwa kuliko picha ya zamani. Wengine wakaonya kwamba zinaweza hata kudhuru, kwa kuwa zinaongeza idadi ya watu wanaoonekana kufaa. Na sura ya kubuni inaweza kumwangukia mtu halisi. Januari 2010, FBI ilitoa picha ya Osama bin Laden iliyozeeshwa, mtu aliyekuwa akisakwa tangu milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam ya 1998. Mchoraji hakupata sifa zinazomfaa kwenye hazina yao ya picha, akachukua nywele na sehemu za uso kutoka picha aliyoikuta kwenye intaneti. Ilikuwa ya Gaspar Llamazares, mwanasiasa wa Hispania, ambaye alijiona kwenye tangazo la anayesakwa. Pale tuliweza kumtaja aliyekopwa. Modeli inakopa kwa maelfu kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kuwataja.

Mimi naona hatari iliyo karibu zaidi nyumbani kwenu. Mkiitazama sura hiyo kila siku kwa mwezi mzima, itakuwa ndiyo kaka yako. Siku atakaposimama mlangoni na taya lake pana na upara, mtasita.

Kwa hiyo usisambaze sura moja. Tafuta picha za baba, wajomba na kaka zako wengine wakiwa na miaka thelathini na kitu, uwe nazo mkononi. Tengeneza sura tatu au nne zinazotofautiana makusudi: mwenye nywele na asiye nazo, mnene na mwembamba, mwenye ndevu na asiye nazo. Mpe mtu wa studio arekebishe taya na mdomo akifuata picha za ukoo. Kwenye tangazo, picha halisi ya darasa la kwanza ikae juu na iwe kubwa kuliko zote, zilizobuniwa ziwe ndogo chini yake na maneno "makisio" yasomeke bila miwani. Kisha yaandikwe yale ambayo modeli haiwezi kuyajua: kovu na mahali lilipo, jina la utani, jina la mama, kijiji. Na muulize mama yako kama upande wenu kuna mwanya.