Sabuni 10 au shilingi 80,000

"Nimlipe fedha au nimpe mzigo tu, na nitajuaje kama kweli ameniuzia?" Ndivyo anavyojiuliza muuzaji mdogo anayetaka mshawishi wa mtandaoni amtangazie bidhaa.

Tuchukue mtengenezaji wa sabuni za mwani jijini Tanga anayeuza kipande kwa shilingi 5,000, huku malighafi, vifungashio na kazi vikimgharimu 2,800. Mshawishi wa mtandaoni kutoka Chumbageni, mwenye wafuasi wapatao 6,000, anataka 80,000 kwa video moja, au sabuni 10. Kwa haraka sabuni zinaonekana nafuu, kwani zinamtoa mfukoni 28,000 tu, ambazo faida ya vipande 13 inazirudisha, ilhali fedha zinahitaji vipande 37.

Lakini sabuni hailipi bando wala muda wa kurekodi, na aliyepewa zawadi huitangaza siku aipendayo, kwa maneno ayapendayo. Aliyelipwa unaweza kumdai tarehe, ujumbe na ruhusa ya kuitumia video hiyo kwenye ukurasa wako. Naona zawadi inafaa kumjaribia mtu, haifai kugeuzwa ujira wake. Kabla ya yote, aombwe picha ya takwimu zinazoonyesha miji waliko wafuasi wake, maana wakiwa wengi Dar es Salaam, muuzaji asiyesafirisha mzigo hatafaidika nao.

Kupima mauzo ndiko kugumu zaidi. Njia iliyozoeleka ni kumpa kila mshawishi neno lake, ambalo mnunuzi hulitaja anapoagiza ili apunguziwe, tuseme, shilingi 500. Punguzo hilo linashusha faida kutoka 2,200 hadi 1,700, hivyo vipande vya kurudisha 80,000 vinapanda hadi 48. Tena neno husambaa, na wateja wa zamani, ambao wangenunua hata hivyo, hulitumia pia. Ndiyo maana daftari lionyeshe namba ya simu ya kila mnunuzi, na asiyetaja neno, hasa anayefika mwenyewe dukani Ngamiani, aulizwe alikosikia habari za sabuni hiyo.

Tuseme wamenunua watu 60 kwa neno hilo, kipande kimoja kimoja, na daftari linaonyesha 22 ni wa zamani. Wapya 38 wameleta faida ya 64,600. Ukitoa 80,000, pamoja na 11,000 za punguzo walilopata wale wa zamani, hasara ni 26,400. Wengi huishia hapo na kumlaumu mshawishi. Mimi ningesubiri sabuni ziishe majumbani, kwa sababu wapya 12 tu wakirudi kununua kipande kimoja kwa bei kamili, hasara hiyo yote imefutika.

Kwa mwenye mtaji mdogo, malipo kidogo ya awali pamoja na kamisheni kwa kila mteja mpya yanapunguza hatari hiyo, ingawa yanamweka mshawishi katika kuamini daftari asiloliona. Haki yake ni kuonyeshwa hesabu kila wiki.