Kona iling'oka na maji yamesimama

Kona ya bomba la plastiki la milimita 200 iliposukumwa nje ya soketi yake, kwenye mtaro mmoja huku Pemba, fundi mkuu aliniambia bila kusita: "Maalim, maji yalikuja kwa kasi mno." Nikamuuliza valvu ya mwisho ilikuwaje. Imefungwa. Pampu je? Ya mkono, ya kujaribia. Basi hiyo kasi ilitoka wapi? Maji yalikuwa yamejaa bombani, yametulia tuli, na geji inasoma 6 bar, yaani kilopaskali 600.

Simlaumu fundi. Hata sisi tuliokaa madarasani tuliondoka na picha ileile: maji yanakuja mbio, yanafika kwenye kona, yanaipiga kumbo kama ng'ombe aliyekata kamba. Mfano wa kwanza tuliofundishwa ulikuwa maji yaliyo wazi yanayopiga bamba, na hapo kweli mwendo ndio kila kitu, maana hakuna presha. Tukachukua hesabu hiyo tukaipeleka kwenye bomba lililojaa. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa linalotuharibia kona nyingi, kwa sababu ndani ya bomba la maji ya mji mwendo ni kitu kidogo sana mbele ya presha.

Twende na kona yenyewe. Maji yanatoka magharibi kuelekea mashariki, yanafika konani, yanakata nyuzi 90 kwenda kaskazini. Bomba limelala, kwa hiyo uzito wa maji tuuweke pembeni. Sasa yakate maji yaliyo ndani ya kona peke yake, kama unavyokata kipande cha muhogo, utazame nani anayasukuma. Maji yaliyo nyuma yanayasukuma kwenda mashariki kwa presha mara eneo la mdomo wa bomba. Maji yaliyo mbele nayo yanayasukuma, na hapa ndipo wengi wanapokosea alama: yanayasukuma kurudi kusini, si kwenda kaskazini. Presha haifuati njia ya maji. Kila mara inabana kuelekea ndani ya kile ulichokikata. Wa tatu ni ukuta wa kona, ambao kani yake ndiyo tunayoitafuta. Jumla ya kani hizo lazima iwe sawa na badiliko la momentamu kwa kila sekunde, yaani inayotoka toa inayoingia. Hapa p1 ni presha ya nyuma na p2 ya mbele, A ni eneo la mdomo wa bomba, ρ ni msongamano wa maji, Q ni ujazo unaopita kwa sekunde, V ni kasi, na Rx na Ry ni kani ya ukuta kuelekea mashariki na kaskazini:

```
Mashariki:   p1·A + Rx = ρQ(0 − V)
Kaskazini:  −p2·A + Ry = ρQ(V − 0)
```

Maji yanaingia na mwendo wote wa mashariki, yanatoka bila hata chembe yake. Kwa hiyo Rx ni hasi: ukuta unayasukuma maji magharibi. Ry ni chanya: unayasukuma kaskazini. Lakini hiyo ni kani ya kona juu ya maji. Anayechimba mtaro anataka kinyume chake, kani ya maji juu ya kona, nayo inakwenda mashariki na kusini kwa pamoja. Kusini mashariki, basi, upande wa nje wa kona. Ukikunja mkono wako, ni kule inakochongoka ncha ya kiwiko.

Tia tarakimu. Kipenyo nachukua cha nje, milimita 200, kwa sababu kwenye soketi ya raba maji yanafika hadi kwenye raba, na raba imelivaa bomba kwa nje. Eneo ni mita za mraba 0.0314. Bomba likiwa kazini kwa kilopaskali 400, presha peke yake inasukuma kwa nyutoni 12,570 kila upande. Na mwendo? Kwa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde, ρQV haizidi nyutoni 71. Hiyo ni uzito wa kilo 7 na kidogo, mfuko wa mchele unaoubeba kwa mkono mmoja kutoka sokoni. Presha ni zaidi ya mara 170 yake. Maji yanapunguza presha kidogo yanapopita konani, ndiyo maana nimeandika p1 na p2, lakini kwenye kona moja tofauti hiyo haifiki kilopaskali moja.

Rudi sasa siku ya majaribio. V ni sifuri, ρQV imekufa yote, na kani haikupungua. Imepanda, kwa sababu presha imepandishwa hadi 600. Kila upande nyutoni 18,850, na ukizijumlisha mbili zilizo pembe mraba unapata takriban 26,700. Ni uzito wa tani 2.7, mifuko 54 ya saruji, inayoegemea kona moja ya plastiki iliyoshikwa na raba tu. Raba inazuia maji kuvuja. Haizuii bomba kuchomoka.

Kuna anayeuliza kwa nini nisiongeze presha ya hewa. Ukifanya hivyo utapata nyutoni 3,180 za ziada kila upande ambazo hazipo, kwa sababu hewa hiyohiyo inaisukuma kona kutoka nje na kuzifuta. Geji inasoma tofauti ya ndani na nje, na tofauti ndiyo inayong'oa.

Zege lilikuwepo, nisije nikaonekana nawasingizia. Lakini lilimwagwa ndani ya kunjo, upande wa kaskazini magharibi, "ili lizuie bomba lisikunjike." Upande wa nje, kusini mashariki, mtaro ulichimbwa mpana kisha ukafukiwa kwa udongo uliokwishavurugwa. Kona ilikuwa inaegemea vumbi.

Zege la kona kazi yake ni kutandaza ile kani kwenye ukuta wa ardhi ambao haujaguswa na jembe. Ikiwa udongo wa pale umepimwa ukaonekana kuhimili kilopaskali 100, unahitaji uso wa mita za mraba 0.27, na ukiweka akiba ya nusu yake juu, 0.4. Mchanga mlegevu wenye nusu ya uwezo huo unataka uso mara mbili. Kwenye maweni ya Unguja, ambako mtaro unachongwa kwenye jiwe, zege dogo linatosha mradi ligusane na jiwe lenyewe. Na mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa kuchomelewa ni hadithi nyingine: ukuta wa bomba unabeba mvuto wenyewe.

Kasi nayo ina njia yake ya kulipiza kisasi, lakini si ile aliyoidhania fundi. Ukiifunga valvu ghafla, ile mita 1.5 kwa sekunde inaweza kugeuka kuwa karibu kilopaskali 600 zaidi kwenye bomba la plastiki, juu ya zile 400 zilizokuwepo. Bado kinachong'oa ni presha.

Tulichimba upya upande wa nje hadi tukafika kwenye kinongo kigumu, tukamwaga zege bila kuzifunika soketi, tukalisubiri likomae. Kabla ya kupiga pampu, fundi alichora mstari kwa kalamu nyekundu kwenye kila bomba, pale hasa linapoingia kwenye soketi. Geji ikafika 6. Akachuchumaa mtaroni, kofia ameisukuma kisogoni, anautazama ule mstari hauondoki. Baada ya saa nzima akainuka akasema, "Umekaa, Maalim. Sasa niambie ile tani mbili imekwenda wapi." Nikamwonyesha ukuta wa udongo nyuma ya zege.